Nimeitwa kwenye usaili "kesho 8:00", nimefika nikaambiwa nimechelewa saa tano na nusu!

Ndugu wanajukwaa, ofisi ninayoisema mnaifahamu wote, kwa hiyo sitaitaja. Jana jioni walinitumia ujumbe wa simu, neno kwa neno: "Usaili ni kesho 8:00, ofisini kwetu Njiro. Njoo na vyeti." Ujumbe ni wa Kiswahili, nami nikausoma kwa Kiswahili: saa nane mchana. Nikatoka Moshi asubuhi, nikaizunguka Njiro yote kwa bodaboda kwa sababu hawakutaja hata mtaa, na saa saba na nusu nikawa mapokezi. Dada wa pale akatazama saa ya ukutani, akatangaza mbele ya watu: "Kaka, umechelewa saa tano na nusu." Kwa muda huo mtu angerudi Moshi, akanywa mtori, akafika tena Arusha! Nilipoomba kumwona aliyeniita, akaniuliza, "Aliyekuita ni nani?" Ningejuaje, wakati ujumbe hauna jina na namba iliyoutuma haipokelewi? Saa tano na nusu, mbele ya watu!

Kibosho Juu: Kosa ni lako. Ofisi huandika saa za Kizungu. Wangetaka mchana wangeandika 14:00.

Mzee wa Masijala: Hapo umepatia nusu tu. Anayetumia mtindo wa 14:00 huandika asubuhi 08:00, yenye sifuri mbele. "8:00" tupu ndani ya sentensi ya Kiswahili husomeka namna mbili. Nilipokuwa naita wasailiwa niliandika "Jumanne, saa 2:00 asubuhi (08:00)", kisha mtaa, jengo na ghorofa, na jina la mtu wa kuulizia pamoja na simu yake. Jina hilo nililiacha pia kwa mlinzi na mapokezi, maana wasipokuwa nalo mgeni hukwama getini. Mwisho nilimwomba msailiwa anijibu kwa kuitaja saa atakayofika. Akiandika "saa nane mchana", kosa linaonekana jioni ileile, kabla hajapanda basi.

Kibosho Juu: Naye angeuliza. Mtu anayetafuta kazi anashindwaje kuandika "asubuhi au mchana"?

Mleta uzi: Niulize jambo ambalo kwangu lilikuwa wazi? Saa tano na nusu, ndugu yangu!

Binti wa Sakina: Afadhali wewe hukuingia. Mimi niliambiwa hivyohivyo, "njoo na vyeti", nikabeba nakala. Ndani wakadai vyeti halisi, pamoja na nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Halafu cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, wakanirudisha nyumbani.

Mzee wa Masijala: Hayo ya majina utahitaji hati ya kiapo au hati ya majina, kutegemea wanachotaka. Waulize kwanza, usije ukalipia mara mbili.

Binti wa Sakina: Niliwauliza, kila mmoja akanijibu lake. Je, kuna wakili karibu na Mnara wa Saa anayefungua Jumamosi?