Nimeuziwa chaja ya wati 65 badala ya 130, nikabadilishiwa nyingine haichaji kabisa, sasa naambiwa laptopu yangu ndiyo mbovu!

Mhariri_Usiku (mwenye uzi)

Wakuu, hii ni wiki ya tatu nahangaika na chaja, na leo uvumilivu umeniishia.

Chaja iliyokuja na laptopu yangu ilikatika waya shingoni, pale karibu na ncha. Nilienda kutafuta nyingine nikiwa nimeibeba ile ya zamani mkononi. Stika yake inasomeka vizuri tu: OUTPUT 19.5V 6.67A 130W. Nikampa muuzaji. Akaiangalia ncha, akanitolea chaja, akachomeka, taa ikawaka, akasema "hiyo hapo, imekubali." Nikalipa nikaondoka. Sikuisoma stika ya ile mpya, hilo nakubali, lakini yeye nilimwekea ya zamani mkononi aisome, na kazi yake ndiyo hiyo.

Kufika nyumbani, hata Windows haijafunguka, onyo likatokea kwenye skrini nyeusi: chaja iliyochomekwa ni ya wati 65, mashine inataka 130. Kugeuza stika, kweli, 19.5V 3.34A. Nikiandika tu maandishi, betri inapanda kwa kujikongoja. Nikifungua kazi yangu ya kuhariri video, inashuka huku imechomekwa! Nilianza na asilimia 74, saa moja baadaye ikawa 58, na chaja imepata moto hata kuishika huwezi.

Nikairudisha. Akanipa nyingine, hii stika inasema 130W. Ndiyo mbaya kuliko ya kwanza. Sasa onyo linasema aina ya chaja haitambuliki. Betri imeganda asilimia 31, chini pale pameandikwa "plugged in, not charging", na mashine imekuwa nzito kiasi kwamba nikibonyeza herufi nasubiri itokee. Nimefungua Task Manager, prosesa imekwama 0.79 GHz, haipandi.

Nimerudi tena leo. Muuzaji kachukua mita, kapima ncha, mita ikasoma 19.5. Kanigeuzia mita niione: "Chaja nzima. Mazabodi yako imekufa." Eti na kifaa cha umeme kikishachomekwa hakirudishwi. Volti 19.5 hata ile ya wati 65 ilikuwa nayo! Kipimo kile kimejibu swali ambalo sikumuuliza. Nataka kujua nitamthibitishiaje kwamba tatizo si mashine yangu.

Baba_Pacha

Mkuu, hiyo ni betri. Yangu ilikuwa inagoma hivyo hivyo, nikabadilisha betri ikapona. Usipoteze muda na chaja.

Mhariri_Usiku

Ndugu, soma vizuri. Kabla waya haujakatika betri ilikuwa inajaa hadi 100. Na betri haiwezi kufanya mashine iseme haiijui chaja.

Kijana_wa_Waya

Kosa ni kucheza na ampea. Ampea za chaja lazima zilingane na za laptopu, zikizidi unaunguza mazabodi, zikipungua haichaji. Labda hiyo ya pili ina ampea nyingi mno ndiyo maana mashine inaikataa.

Fundi_Mstaafu

Kijana, nusu umepata, nusu hapana. Volti ndizo lazima zilingane. Ampea za kwenye stika ni uwezo wa juu kabisa wa chaja, na laptopu inavuta kile inachohitaji tu. Chaja ya wati 130 kwenye laptopu ya wati 65 yenye volti na ncha ileile haitaunguza kitu. Tatizo ni kinyume chake, kama ilivyomkuta mwenye uzi mara ya kwanza: mashine inahitaji wati 90 au 100 wakati wa kazi nzito, chaja mwisho wake 65, pengo linazibwa na betri. Ndiyo maana iliporomoka huku imechomekwa.

Sasa hii ya pili. Mwenye uzi, chukua tochi uangalie ndani ya ncha. Kuna pini nyembamba katikati kama sindano?

Mhariri_Usiku

Ipo mkuu. Naiona imelala kidogo upande mmoja.

Fundi_Mstaafu

Basi tunaelewana. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuchaji. Umeme unapita kwenye kuta za ncha, ya ndani na ya nje. Pini ni ya mazungumzo: ndani ya chaja kuna chipu ndogo, laptopu inaiuliza "wewe ni wati ngapi?" Isipopata jibu, inachukua umeme wa kujiendesha tu, inakataa kuchaji betri, na inaibana prosesa isije ikavuta kuliko chaja inavyoweza. Dalili zako zote tatu zinatoka hapo.

Pini ikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika shingoni, au chipu ikiwa ya kuigiza, volti zitasoma 19.5 vilevile. Ndiyo maana mita ya muuzaji haithibitishi kitu.

Ila nimtendee haki na yeye: tundu la laptopu nalo lina mguso wa hiyo pini, na huwa unakufa. Kwa hiyo azima chaja halisi ya wati 130 ya mashine kama yako. Ikitambulika, laptopu ni nzima. Kisha ichomeke hiyo ya kwako kwenye mashine yake. Isipotambulika na huko, umemaliza kesi. Soma kwenye BIOS, ukurasa wa betri, pale aina ya chaja inapoandikwa, usitegemee taa.

Zawadi_K

Samahani naingilia. Yangu ni ya USB-C, chaja imeandikwa wati 100 lakini mashine inalalamika chaji ni ndogo. Nayo ni pini?

Fundi_Mstaafu

Hapana dada, huko hakuna pini hiyo. Angalia kebo kwanza. Kebo ya kawaida ya USB-C mwisho wake ni ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo kebo yenyewe lazima iwe na chipu inayosema inaweza ampea 5. Jaribu na kebo iliyoandikwa 100W.

Kijana_wa_Waya

Kuna programu inazima hiyo breki ya prosesa. Mimi naitumia, mashine inakimbia kama kawaida.

Fundi_Mstaafu

Inakimbia, lakini betri bado haichaji, sivyo? Na kama ile stika ya 130 inadanganya, umeondoa kitu kilichokuwa kinazuia chaja isizidiwe. Mimi siwezi kumshauri mtu.

Mhariri_Usiku

Nimepata chaja ya mwenzangu, halisi, wati 130. BIOS imeandika 130 W, betri imetoka 31 hadi 52 nikiwa naandika hapa, prosesa imerudi juu. Yangu kwenye mashine yake: Unknown. Nimepiga picha skrini zote mbili, pamoja na pini iliyolala.

Jambo jingine, nimezipima mkononi. Ya mwenzangu ni nzito kama tofali dogo. Yangu, yenye stika ileile ya 130, ni nyepesi sawa na ile ya wati 65 niliyoirudisha. Mkuu, hiyo inatosha kusema stika ni ya uongo?

Fundi_Mstaafu

Inatia shaka, haithibitishi. Kujua wati zake kweli inabidi uipe mzigo na kupima ampea huku volti zikiangaliwa zisianguke, na hilo si la kufanya nyumbani. Kwa marejesho huhitaji kufika huko. Haitambuliki kwenye mashine mbili, inatosha. Na usimruhusu akunyooshee pini kwa koleo akurudishie.

Mhariri_Usiku

Kesho asubuhi naenda na picha, chaja yake, na ya mwenzangu tuichomeke mbele yake. Sitaki nyingine, nataka pesa yangu. Nitarudi kusema alichojibu.