Mhakiki wa pili kakosea, kisha kanidharau: nimjibuje?

Binti_Tabibu: Wakuu, jarida limenirudishia makala yangu ya upungufu wa damu kwa wajawazito. Mhakiki wa pili kaandika: "Poisson ni ya kuhesabu matukio, si ya majibu ya ndiyo na hapana. Inaonekana waandishi hawajui takwimu za msingi. Kiingereza nacho kipitiwe na mzawa wa lugha." Hiyo ya Poisson, modeli niliyotumia, si kweli. Nina siku 21. Nimjibu vipi bila kuonekana nimekasirika?

Chumvi_Pwani: Mzawa wa lugha! Kaona jina lako tu huyo, makala hajafungua. Mwandikie arudi darasani, basi.

Mzee_Takwimu: Chumvi, barua ile anaisoma mhariri, na yeye ndiye anayeamua. Akikuta matusi pande zote mbili, makala inatupwa. Dada, jiulize kwanza kapotelea wapi. Poisson ya kawaida kweli ni ya kuhesabu matukio; ukiipa ndiyo na hapana, kosa sanifu linavimba kupita kiasi. Dawa yake ni kosa sanifu imara, kama mtakwimu Zou alivyoonyesha mwaka 2004. Uliliandika hilo?

Binti_Tabibu: Lipo, mstari wa 142. Neno moja tu, "imara".

Mzee_Takwimu: Basi hapo ndipo alipopotelea. Nakili maneno yake ya takwimu yote, kisha jibu hivi:

"Tunashukuru. Maelezo yetu ya awali hayakuweka wazi kwamba tulitumia Poisson yenye kosa sanifu imara, njia inayokubalika kwa matokeo ya aina mbili. Tumeongeza sentensi mbili (mstari wa 142–145) na rejea. Vilevile tumerudia uchambuzi kwa modeli ya lojistiki. Matokeo yako kwenye jedwali la nyongeza, na uhusiano umebaki upande uleule."

Shukrani moja inatosha. Hiyo ya mwisho usiiandike kabla ya kuifanya kweli. Na ile ya "hawajui takwimu" usiiguse kabisa.

Chumvi_Pwani: Kwa hiyo katukanwa, anajibu "tunashukuru"? Utumwa huu tumeuzoea.

Dokta_Njiani: Mnazunguka bure. Weka lojistiki moja kwa moja, toa uwiano wa odi, mhakiki afurahi. Majarida yote yanaupenda.

Mkeka_Kila_Siku: Samahani, odi za wajawazito wanaziweka kampuni gani? 😂

Mzee_Takwimu: Mkeka, umecheka lakini umegusa penyewe. Dada, tupe namba zako.

Binti_Tabibu: Walioruka vidonge vya madini ya chuma, 60 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu. Waliomeza, 40 kati ya 100.

Mzee_Takwimu: Gawanya 60 kwa 40, unapata 1.5. Sasa tafuta odi, yaani wenye tatizo kwa wasio nalo: 60 kwa 40 upande mmoja, 40 kwa 60 upande wa pili, uwiano wake ni 2.25. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila muuguzi akiona 2.25 atasema hatari ni zaidi ya maradufu, na si kweli. Tatizo likiwa la nadra, mbili hizo zinakaribiana. Hapa nusu ya wanawake wanalo. Ndiyo maana lojistiki inakaa kwenye nyongeza, Dokta, haichukui kiti.

Dokta_Njiani: Sawa, ila mimi ningemtii. Makala yangu ilikaa miezi 14 kwa sababu ya kubishana.

Mswahili_wa_Leeds: Turudi kwenye Kiingereza. Mimi hapa kazini ripoti za wazawa nazirekebisha mimi, tahajia zimewashinda.

Chumvi_Pwani: Kila mada lazima tukumbushwe kwamba uko Leeds.

Mswahili_wa_Leeds: Na wewe kila mada lazima iwe ukoloni. Labda Kiingereza chake kibovu kweli, umekisoma?

Chumvi_Pwani: Wewe umekisoma?

Binti_Tabibu: Jamani, mhakiki wa kwanza kakisifu!

Mama_Jarida: Nimewahi kukaa upande wa uhariri. Usimtaje wa kwanza ili kumsuta wa pili. Andika tu: "Tumeupitia upya mswada wote na kurekebisha sentensi zifuatazo," uzitaje, hata zikiwa tano. Dharau mpelekee mhariri kwa barua ya pembeni, fupi. Miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, inamtaka mhakiki asiwe na uhasama wala asidhalilishe mtu.

Mzee_Takwimu: Kwa sentensi moja, mama? Mimi ningenyamaza. Mhariri kaipitisha akiiona.

Mama_Jarida: Au hakuiona. Tulikuwa tunapitisha mengi bila kusoma, nasema ukweli.

Chumvi_Pwani: Afadhali mama kakiri.

Binti_Tabibu: Lojistiki nimeirudia usiku huu. Uhusiano uko palepale. Ile barua ya pembeni nimeiandika mara tatu, bado sijaituma.

Mkeka_Kila_Siku: Weka odi, tubashiri kama utaituma.