Sadaka kwa simu: Lipa Namba au namba ya kampuni? Naomba mnisahihishie barua

MhaziniGungu
Shalom wapendwa. Mimi ni mhazini wa usharika mmoja hapa Kigoma mjini, tuna bahasha kama 300. Wazee wamekubali sadaka zipokelewe kwa simu, nami nimepewa kazi ya kuwaandikia washarika barua. Hadi leo wananitumia kwenye laini yangu mwenyewe, na nimechoka. Juzi nimekaa mpaka saa sita usiku natenganisha zaka na hela ya dagaa aliyonitumia shemeji.

Tuna njia mbili mezani: Lipa Namba, ile ya bango kama madukani, au namba ya kampuni ambayo mtoaji anaingiza na kumbukumbu namba. Mimi nimeegemea Lipa Namba. Rasimu ni hii:

"Wapendwa washarika, kuanzia Jumapili ijayo mnaweza kutoa sadaka kwa Lipa Namba ya usharika. M-Pesa piga *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Chagua sehemu ya kulipia, ingiza namba iliyo kwenye bango la mlangoni, weka kiasi, kisha namba yako ya siri. Mungu awabariki."

Mnaionaje?

Mgebuka
Lipa Namba, usiumize kichwa. Haina makato, hela inaingia papo hapo, bango unabandika ukutani yameisha. Hayo mambo ya kampuni ni mlolongo, wazee wetu watakwama.

WakalaMwandiga
Mgebuka, kwa wepesi uko sahihi. Kwenye makato usiwaahidi watu. Inategemea mlivyosajiliwa na mtoaji yuko mtandao gani, kwa hiyo mhazini akiandika "bure" halafu mtu akakatwa, atakayeulizwa ni yeye.

Ila shida yenyewe haiko kwenye makato. Mtu akilipa kwa Lipa Namba, wewe unapata ujumbe wenye kiasi, muda na jina la aliyesajili laini. Basi. Haukwambii kama 20,000 ni zaka, shukrani au jengo. Na hilo jina nalo lina matatizo yake huku kwetu. Wangapi walikosa kitambulisho cha NIDA wakasajiliwa laini na kaka au mjomba kwa alama za vidole? Mama ametoa fungu lake la kumi kwa uaminifu, kwenye daftari linaingia jina la shemeji yake ambaye wala hasali hapo. Mwisho wa mwaka mnabandika orodha ya watoaji, mama hajioni. Nimeyaona kwenye kanisa nililokuwa nasali zamani, na aliyelaumiwa ni mhazini, wakati hakuiba hata senti.

Namba ya kampuni inabeba kumbukumbu. Bahasha zenu si zina namba? Hiyo ndiyo kumbukumbu yenu.

BibiUjiji
Wanangu mimi nilituma elfu kumi na tano kwa mtu nisiyemjua, nilikosea tarakimu moja ya mwisho. Narudishiwaje?

WakalaMwandiga
Shikamoo bibi. Wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, uwe na ule ujumbe wa muamala mkononi. Kama hajaitoa, kuna matumaini. Akishaitoa kwa wakala ni kubembelezana. Usimpigie yeye kwanza, wengine ukiwashtua ndiyo wanakimbilia kuitoa.

Mhazini, umeona? Rasimu yako haina neno la kusoma jina kabla ya namba ya siri. Simu huonyesha jina la anayelipwa, na hapo ndipo mtu anaweza kujiokoa. Andika jina la usharika herufi kwa herufi kama linavyotokea kwenye skrini, maana mara nyingine hutokea limefupishwa. Ulijue kwa kujaribu: tuma 1,000 kutoka kila mtandao, nakili unachokiona.

MhaziniGungu
Nimekuelewa. Sasa zaka na jengo navitofautishaje kwenye kumbukumbu? Niwaambie waandike 142Z na 142J?

WakalaMwandiga
Herufi hapana, kwenye kabambe zitawatesa. Tumia tarakimu tupu. Namba ya bahasha, halafu tarakimu moja ya aina: 1 zaka, 2 shukrani, 3 jengo. Bahasha 142 akitoa zaka anaandika 1421, akitoa jengo 1423.

Kuna mtego hapo, uuzibe mapema. Mwenye bahasha 142 akisahau tarakimu ya mwisho, ataandika 142. Wewe utasoma bahasha 14, shukrani. Hela ya mtu imehamia kwa mwingine na hakuna atakayegundua, kwa sababu inaonekana sahihi kabisa. Dawa yake ni bahasha zote ziwe tarakimu tatu: 14 inaitwa 014, shukrani yake ni 0142. Kumbukumbu yoyote isiyofika tarakimu nne unaiweka pembeni, unampigia mtu simu.

KwayaKibirizi
Na mimi nikitaka kutoa zaka 20,000 na jengo 5,000 nifanye miamala miwili? Nikikatwa mara mbili nitaona bora nije na noti zangu.

WakalaMwandiga
Hoja hiyo ina uzito. Wekeni 9 iwe mchanganyiko. Unatuma 25,000 kwa kumbukumbu 1429, Jumapili unatia bahasha yako ya karatasi kwenye kapu bila hela, ndani umeandika mgawanyo. Isipofika, mhazini anakuuliza. Asikugawie kwa kukisia.

Mgebuka
Sawa, kwa washarika nakubali. Ila wageni je? Hawana bahasha. Na sisi wa ziwani, ukienda kaskazini kidogo simu inanasa mtandao wa ng'ambo, menyu haifunguki. Mimi natoa nikirudi nchi kavu, na wakati wa mbalamwezi sina hata cha kutoa.

MhaziniGungu
Wageni watumie 0002, bahasha sifuri. Nimeandika upya:

"Wapendwa washarika, Bwana asifiwe. Kuanzia Jumapili ijayo sadaka zinaweza kutolewa kwa namba ya kampuni ya usharika, iliyo kwenye bango la mlangoni. Fungua menyu ya mtandao wako, ingia sehemu ya kulipia, weka namba ya kampuni. Kwenye kumbukumbu namba andika tarakimu nne: tatu za bahasha yako, kisha 1 kwa zaka, 2 kwa shukrani, 3 kwa jengo, 9 kwa mchanganyiko. Weka kiasi. Kabla ya namba ya siri soma jina, liwe la usharika kama lilivyo kwenye bango. Likiwa la mtu, acha hapohapo. Namba yangu binafsi haipokei tena sadaka. Ukipata ujumbe wa 'ile sadaka tuma kwenye namba hii', hautoki kwangu wala kwa mchungaji. Tunza ujumbe wa muamala mpaka taarifa ya robo mwaka ibandikwe."

WakalaMwandiga
Hapo sawa. Swali moja: taarifa za malipo zinaingia kwenye laini ya nani? Ikiwa simu yako peke yako, ukihamishwa kikazi tunaanza upya.

MhaziniGungu
Kwa sasa ni yangu. Mwenyekiti anataka iwe simu ya ofisi, katibu anasema ofisini hakuna wa kuilinda. Tunakutana Alhamisi.

BibiUjiji
Wamenipokelea. Wanasema hajaitoa. Nasubiri.