Naomba ushauri: lengo la kasi ya majibu kwenye muhtasari wa tathmini

Wakuu, naandika muhtasari wa tathmini ya nusu mwaka ya mhudumu wa wateja. "Mzembe kujibu" nimeifuta. Hiyo ni hukumu, si ushahidi. Nimeweka: "Kati ya maombi 240, 84 yalijibiwa baada ya saa 24, na 61 kati ya hayo yaliingia Ijumaa mchana." Hapo tatizo linaelekea kuwa zamu kuliko uvivu.

Lengo: asilimia 90 yajibiwe ndani ya saa 24 kufikia Juni 30, kutoka 65 za sasa. Wastani nimeukwepa, maana majibu mengi ya haraka huficha machache yaliyolala siku tatu.

Hofu yangu ni atume "tumepokea" tu ili namba itimie. Niongeze kipimo cha maombi yanayofunguliwa upya, au mna kingine?