Barua pepe kwa Mkurugenzi wa Fedha: naomba jicho la pili kabla sijatuma

Karani wa Safari
Wakuu, habari za jioni. Niko idara ya usafirishaji, kampuni fulani hapa Morogoro. Kesho asubuhi natakiwa kumwandikia Mkurugenzi wa Fedha. Mwezi uliopita barua yangu ilirudishwa na mistari myekundu, bila maelezo. Rasimu ya sasa ni hii:

"Shikamoo Mkurugenzi. Natumaini barua pepe hii inakukuta salama. Tarehe 14 na 15 tutakuwa na semina ya madereva zetu. Orodha ya madereva 22 watakaohudhuria wameambatanishwa, pamoja na risti za semina iliyopita. Gharama za chakula imepanda kidogo. Tunaomba udhibitishe bajeti hii ili tupate izini ya kulipia ukumbi."

Mzaramo Asilia
"Madereva wetu", ndugu. Mtu au mnyama yeyote anakwenda na a-wa. Ndiyo maana hata "rafiki wangu" ndiyo sahihi, watu wanakosea kusema "rafiki yangu".

Bibi Mhariri
Mzaramo, kwa madereva uko sawa, kwa rafiki hapana. Ndugu na marafiki kitenzi chao ni cha a-wa, lakini kimilikishi hakifuati: mama yangu amefika, rafiki yangu amefika. Dereva, meneja na karani hawamo kwenye kundi hilo, kwa hiyo dereva wetu, madereva wetu.

Mwanangu Karani, hilo la "zetu" ni dogo. Lililokuponza zaidi ni "orodha … wameambatanishwa". Umetaja madereva 22, ukataja watakaohudhuria, na ulipofika kwenye kitenzi sikio lilikuwa bado liko kwa watu. Lakini kilichoambatishwa ni orodha. Nikihariri huwa nasimama kwenye kila kitenzi na kuuliza "nini?" au "nani?", kisha narudi nyuma kulitafuta jibu, hata kama liko maneno sita huko. Nini imeambatishwa? Orodha. Nini zimepanda? Gharama, nawe umeandika "imepanda". Kosa ni lilelile la upatanisho, ila hapa umeweka kitenzi cha umoja ilhali "za" inaonyesha wingi.

Fundi Gereji
Mimi niliandika barua ya kuomba leseni mpya, nikaweka "haina ya gari" badala ya "aina ya gari". Simu haikupiga mstari kwa sababu "haina" nalo ni neno. Karani wa dirishani akaniuliza gari haina nini. Je, nikiandika tena niseme "dizeli" au "diseli"?

Bibi Mhariri
Dizeli, baba. Na hilo la "haina" ndilo lililomkuta Karani kwenye "udhibitishe". Kuthibitisha ni kuhakikisha kuwa jambo ni kweli. Kudhibiti ni kuzuia lisivuke mpaka. Ukichanganya th na dh, Mkurugenzi wa Fedha anaweza kudhani unamfundisha kubana matumizi! Tena hata "uthibitishe" silo unalolitaka. Unataka akubali, basi andika "uidhinishe", na "izini" itaondoka yenyewe. Neno lenyewe ni idhini, kwa dh, kama tafadhali na ridhaa. "Risti" iwe risiti.

Msomaji wa Nakuru
Kwetu Kenya tungeanza na "Kwa Mkurugenzi", halafu "KUH:" au "MINT:". "Shikamoo" hatuiandiki kabisa.

Mzee wa Masjala
Nimekaa masjala miaka mingi. Hapa Tanzania ni "Ndugu Mkurugenzi," kisha "YAH:" na kichwa. Shikamoo ni ya mdomo, inangoja marahaba, na barua ya kazi inaandikiwa cheo. Ukimkuta ngazini mwamkie vizuri. "Inakukuta salama" ifute, huo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ukitaka neno la adabu, "Habari za kazi" linatosha.

Dada wa Mradi
Shirika letu tunaandika "Mpendwa Mkurugenzi" na hakuna aliyelalamika.

Mzee wa Masjala
Kwa mashirika yenu sawa, binti. Mimi mpendwa namwandikia mke wangu.

Karani wa Safari
Nimewaelewa, na nawashukuru sana. Nimeipanga upya:

"Ndugu Mkurugenzi,
YAH: MAOMBI YA KUIDHINISHIWA BAJETI YA SEMINA YA MADEREVA
Habari za kazi. Tarehe 14 na 15 tutakuwa na semina ya madereva wetu. Orodha ya madereva 22 watakaohudhuria imeambatishwa, pamoja na risiti za semina iliyopita. Gharama za chakula zimepanda kidogo. Tunaomba uidhinishe bajeti hii ili tulipie ukumbi."

Nimeweka "imeambatishwa" kwa kumfuata Bibi, ila ofisini kwetu wote wanaandika "imeambatanishwa".

Mzaramo Asilia
Hata serikalini ni "imeambatanishwa". Iache hiyo.

Bibi Mhariri
Kuambatanisha ni kuunganisha vitu viwili vishikane, kila kimoja na mwenzake. Karatasi inayofuata barua inaambatishwa. Najua wengi wanaandika hivyo, nami bado naikata kila nikiiona.

Halafu "kidogo" kwa mtu wa fedha haisemi kitu. Chakula kimepanda shilingi ngapi?