Tupeane uzoefu: pesa za pensheni ya marehemu mwenye wake watatu ziligawanywaje kwenu?

Mwana wa nyumba ya pili, Nakuru

Ndugu zangu, baba yetu alifariki mwezi wa tatu akiwa bado kazini, na mfuko wa pensheni wa mwajiri wake umetuandikia kwamba kuna shilingi 2,600,000 za kulipwa walioachwa. Ameacha wajane watatu. Mama mkubwa ana watoto 6, wote watu wazima isipokuwa mmoja aliye chuoni. Mama yangu ana watoto 3, na wawili kati yao wako sekondari. Mama mdogo ana mtoto mmoja wa miaka mitatu. Baba mdogo anataka kila nyumba ipate theluthi, yaani 866,000 na ushei. Mama mkubwa anasema fomu ya uteuzi aliyoijaza baba mwaka 1998 ina jina lake na la watoto wake wanne wa kwanza tu, kwa hiyo hakuna la kujadili. Ningependa kusikia waliopitia jambo hili walifanyaje, si wanavyodhani lingepaswa kufanywa.

Mjane, Kisumu

Mwanangu, pole kwa msiba. Sisi tulikuwa wajane wawili, na mahakama iligawa kwa kuhesabu vichwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mirathi kinasema mali ya mume mwenye wake wengi hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai anaongezwa kama kichwa kimoja. Kwenu nyumba ya kwanza ina vichwa 7, ya pili 4 na ya tatu 2, jumla 13. Kila kichwa kinapata 200,000, kwa hiyo nyumba zitapata 1,400,000, 800,000 na 400,000. Hayo ya theluthi ni ya wazee wa kijiji. Kwetu mke mwenzangu alilia sana kwa kuwa alikuwa na watoto wachache, lakini hesabu ni hesabu.

Mdhamini mstaafu, Nakuru

Mama, hesabu yako haina kosa, ila umeipeleka kwenye pesa nyingine. Nilikuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa kampuni kwa miaka tisa. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema mafao ya kifo ya mfuko si sehemu ya mirathi ya mwanachama, na wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Kwa hiyo kifungu cha 40 hakiwafungi. Kinahusu mshahara ambao baba hakuwa ameuchukua, malipo ya likizo, pesa za benki na shamba, na hayo yanapitia mahakamani.

Fomu ya 1998 nayo, kwa uzoefu wangu, haimalizi mjadala. Kanuni zetu ziliitaja kama mwongozo wa matakwa ya marehemu, na tuliitazama kwa uzito mdogo kila tulipoona imejazwa kabla ya ndoa au watoto waliofuata. Omba nakala ya kanuni za mfuko wenu usome sehemu ya mafao ya kifo, kwa maana mifuko haifanani.

Nieleze kesi moja. Marehemu aliacha wajane wawili na 1,800,000. Mjane wa kwanza alikuwa na watoto watano, wanne wakiwa na kazi na mmoja akiwa chuoni. Wa pili alikuwa na wadogo watatu. Tuliomba vyeti vya kuzaliwa, barua ya chifu na risiti za karo, kisha tukatuma mtu nyumbani kwa marehemu kuuliza ni nani hasa aliyekuwa akiishi kwa mkono wake. Tulimpa mjane wa kwanza 360,000, wa pili 540,000, kila mtoto mdogo 270,000 na yule wa chuoni 90,000. Wanne wenye kazi hawakupata kitu, wakalalamika. Nilitia sahihi, ingawa hadi leo ninafikiri mjane wa kwanza alistahili zaidi, kwa kuwa michango mingi ilikatwa katika miaka aliyoishi naye peke yake akivumilia mshahara mdogo. Wenzangu waliona pesa hizi ni za kulisha walioachwa bila riziki, si za kulipa jasho la zamani.

Asiyeridhika anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, na baada ya hapo kuna baraza la rufaa.

Mkulima, Bungoma

Mimi nina swali linalofanana na hilo. Baba alifunga ndoa ya kanisa na mama yangu, kisha akaoa wa pili kwa mahari ya kienyeji. Je, huyo wa pili anaweza kudai ekari zetu tatu?

Karani wa wakili, Kakamega

Ndugu, hapa tunazungumzia pensheni, lakini nitakujibu kwa ufupi. Anaweza. Kifungu cha 3(5) cha Sheria ya Mirathi kinamtambua mwanamke aliyeolewa kimila kama mke kwa ajili ya mirathi, hata kama mume alikuwa na ndoa ya kanisa kabla yake. Atahitajika kuithibitisha ndoa hiyo, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kwa mwana wa Nakuru, chungeni barua ya chifu. Nimeona faili ambamo nyumba ya tatu iliachwa nje ya barua, cheti cha usimamizi kikatolewa, kisha mahakama ikakibatilisha kwa sababu ya kuficha warithi. Kwa upande wa mirathi wasimamizi hawazidi wanne, na kwa kuwa kuna mtoto mdogo hawapungui wawili, hivyo ni busara kila nyumba iwe na mmoja. Hata kifungu cha 40 majaji hawakitumii kama mashine: katika kesi ya Rono ya mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilihesabu mabinti sawa na wavulana, na ikabakiza nafasi ya jaji kutazama haki ya hali yenyewe.

Mjane wa mtumishi wa serikali, Nakuru

Kwetu taabu haikuwa viwango bali akaunti. Pensheni ya wategemezi ya miaka 5 ililipwa kila mwezi kwenye akaunti ya mke mkubwa kwa niaba ya wote, kwa kuwa jina lake ndilo lililopelekwa kwanza. Miezi saba sikuona senti. Baadaye tuliandikiana mapatano mbele ya chifu kwamba anitumie sehemu ya wanangu kila tarehe 5, naye alitimiza mwaka mmoja tu. Kama mfuko wenu unakubali, ombeni kila mjane alipwe kwa akaunti yake.

Mwana wa nyumba ya pili, Nakuru

Asanteni. Nimepata kanuni za mfuko, na zinasema wadhamini wataamua "wakizingatia" uteuzi wa mwanachama. Mama mkubwa amelisoma neno hilo kama ushindi, nami nimelisoma kinyume. Mjane wa Kisumu, nimemweleza baba mdogo kwamba pesa za benki za baba, 312,000, ndizo tutakazozihesabu kwa vichwa 13, na amenyamaza.

Jumatatu tutapeleka barua ya chifu yenye nyumba zote tatu, pamoja na risiti za karo. Mama mdogo hana cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, na mama mkubwa hataki tumsubiri.

Mdhamini mstaafu, Nakuru

Msubirini. Mtoto huyo wa miaka mitatu ndiye wadhamini watakayemuulizia kwanza, na akikosekana kwenye karatasi faili yote itarudishwa.