Naombeni ushauri: mke wangu ananipima kwa mume wa shoga yake

Wakuu, naishi Mbagala, nina miaka 34, fundi aluminiamu. Ndoa yetu ina miaka minne. Kila mke wangu akirudi kwa shoga yake Tabata, najua usiku huo nitasikia: "Mwenzio kamnunulia mkewe friji la milango miwili." Juzi kamwongeza na yule wake wa zamani: "Ningekuwa naye, tungeshahama hapa."

Kinachonitisha ni mimi mwenyewe. Mwezi uliopita nilikopa laki sita nikanunua friji, marejesho kila wiki. Lilipofika akauliza mbona dogo. Sasa nikitoka kazini saa kumi na moja nakaa kijiweni mpaka saa tatu, na wala si kwa kupenda kahawa. Hata mteja akilisifia dirisha nililofunga, nahisi ananikejeli.

Nilimwambia inaniuma, akajibu ananitia hasira nipambane. Labda maisha yamembana kweli, sikatai. Angesema tu "nataka friji" tungepanga. Lakini jina la mwanaume mwingine likitangulia, friji silisikii tena.

Mliopitia haya, mlisemaje mkaeleweka? Nimshirikishe somo wake, au nitakuwa nimemwaibisha?